Helikopta Injini Inapozimika

Hapa Mirongo, kila helikopta inapopita juu ya mji kuelekea ziwani, majirani huniuliza swali lile lile. Wanajua kwamba nilikuwa fundi wa helikopta kabla ya kustaafu. Husema, "Mzee, injini ikizimika huko juu, si itaanguka kama jiwe?" Hapana, ndugu zangu. Haianguki kama jiwe. Lakini rubani ana sekunde moja au mbili tu za kufanya jambo la kwanza.

Tuanze na baiskeli. Ukiwa kwenye mteremko unaweza kuacha kukanyaga pedali, na gurudumu la nyuma likaendelea kuzunguka. Kinachofanya hivyo ni friwili. Helikopta nayo ina kifaa cha namna hiyo kati ya injini na pangaboi kubwa la juu. Injini ikizimika, kifaa hicho huliachia pangaboi lizunguke peke yake.

Basi nini kinalizungusha bila injini? Ni hewa. Watoto huchoma jani kwa mwiba, wakakimbia nalo, likazunguka. Vivyo hivyo helikopta inaposhuka, hewa hupanda kutoka chini na kupita kwenye mapanga yake. Hewa hiyo huyazungusha, na mapanga yakizunguka huibeba helikopta ili ishuke polepole zaidi.

Nitaeleza kwa helikopta ndogo iitwayo Robinson R44, ambayo hubeba watu wanne. Siku moja nilipanda nyuma wakati mwalimu akimfundisha mwanafunzi wake. Tulikuwa mita 300 juu ya uwanja mpana. Mwalimu alipunguza moto wa injini mpaka ikawa haisukumi tena. Hapo hapo mwanafunzi alishusha wenzo ulio upande wake wa kushoto.

Wenzo huo ndio roho ya jambo lote. Ukiuinua, mapanga hulala kwa mwinamo mkubwa na kukata hewa nyingi. Hiyo ni kazi nzito inayohitaji injini. Injini isipokuwapo, pangaboi huchoka upesi. Ukiushusha wenzo, mapanga hulala bapa na kazi huwa nyepesi, kisha hewa ya kutoka chini huyazungusha.

Pangaboi la R44 huzunguka mara 400 kwa dakika. Mizunguko ikipungua kufika kama 390, honi hulia mbele ya rubani. Kwa urefu wa huku kwetu Mwanza, ikishuka chini ya 335 hivi, mapanga hayashiki hewa tena. Hapo hakuna wenzo wala rubani wa kuyarudisha. Na mtu anayeogopa kuanguka hutamani kuinua, si kushusha! Ndiyo maana mafunzo haya hurudiwa mara nyingi mpaka mkono ujue wenyewe.

Mwanafunzi wetu aliendelea mbele kwa mwendo wa kilomita 130 kwa saa. Tulikuwa tunashuka mita 7 hivi kila sekunde, kwa hiyo safari yote ilikuwa kama sekunde 40. Macho yake yalikwenda kwenye geji ya mizunguko, kisha uwanjani, kisha kwenye geji tena. Mizunguko ilipopanda kuelekea 430, aliinua wenzo kidogo ili isizidi. Ilipopungua, aliushusha. Pangaboi likizidi mno nalo huharibika.

Tulipofika mita 12 kutoka ardhini, alivuta fimbo ya kuongozea iliyo mbele yake, na pua ya helikopta ikainuka. Mwendo ukapungua, kushuka nako kukapungua, na hewa iliyoingia kwa nguvu ikaongeza mizunguko ya pangaboi. Mizunguko hiyo ni kama mahindi ya ghalani. Karibu na mita 2 na nusu alilaza helikopta sawa, kisha akainua wenzo wa kushoto. Mapanga yakashika hewa nyingi, yakatumia akiba yote, na tukakaa chini taratibu. Akiba hiyo hutumika mara moja tu. Akiinua mapema, akiwa bado mita 10 juu, pangaboi huchoka na helikopta huanguka sehemu iliyobaki.

Majirani huniuliza tena juu ya helikopta inayosimama hewani juu ya mkutano, kama walivyoona kwenye kampeni. Hiyo ndiyo hali mbaya. Helikopta iliyosimama mita 30 juu haina mwendo wa mbele wala urefu wa kutosha. Rubani anaposhusha wenzo, ardhi imekwisha kufika. Yule aliye mita 300 akienda mbele ana nafasi kubwa zaidi, mradi apate mahali pa kutua. Huku kwetu kuna nyumba nyingi na mawe makubwa, na kwenye ziwa helikopta isiyo na maboya itazama, hata ikitua vizuri. Kwa hiyo rubani mwenye busara anapopita kando ya Ziwa Viktoria huchagua njia inayomwezesha kufika ufukweni bila injini.