"Pole" Siyo Kuomba Msamaha

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunapenda tuongee juu ya neno dogo linalogombanisha watu majumbani, neno "pole".

Pole tunamwambia mgonjwa, mfiwa, hata mtu aliyejikwaa njiani. Anayelisema hana kosa, anashiriki tu maumivu ya mwenzake. Lakini "nimekukosea" na "naomba unisamehe" ni maneno ya yule aliyetenda. Sasa mtu akikosea, halafu akasema "pole kama umejisikia vibaya", amejitoa kwenye kosa na kujipanga pamoja na majirani waliokuja kutoa pole.

Tuchukue mfano wa mume aliyeuza kilo 6 za unga wa mgao bila kumwambia mke wake, akalipa deni la kibandani alilokuwa amelificha. Mke anataka kusonga ugali, anakuta mfuko umeshuka, na mgao mwingine bado siku 9. Anauliza. Mume anajibu: "Mama watoto, pole kama umeumia. Unga umepungua kidogo, mambo yametokea tu. Basi yaishe."

Tuyachambue maneno hayo kama tunavyofanya darasani. "Kama" inatia shaka, eti labda hakuna aliyeumia. "Umeumia" inamhusu mke, kwa hiyo tatizo linakuwa ni moyo wake, siyo unga. "Umepungua" na "yametokea" hayana mtendaji. Ni kama mtoto anayesema "kikombe kimevunjika" ili asiseme "nimevunja kikombe". Na "yaishe" ni amri. Katika maneno yote hayo hakuna "ni-" hata moja ya kuonyesha kwamba mimi ndiye niliyefanya.

Kurekebisha kunaanzia hapo hapo. Toa "kama", weka "ni-", taja kitendo chenyewe, taja kilimfanya nini mwenzako, kisha sema utakirudisha namna gani. Mume yule angesema hivi:

"Mama watoto, niliuza kilo 6 za unga Jumamosi bila kukuambia. Nililipa deni la kibandani ambalo nilikuficha. Wewe ndiye watoto wanakulilia njaa, na sasa huwezi kuniamini na chakula cha nyumba. Nimekukosea. Kesho na kesho kutwa nitafyatua matofali kwa jirani anayejenga, na pesa yote nitaiweka mkononi mwako ununue unga. Tangu sasa hakuna kitu cha mgao kitakachouzwa bila sisi wawili kukubaliana."

Angalieni kwamba hakusema "lakini". Pengine mwenye kibanda alimbana kweli, ila akisema "nimekosa, lakini nilibanwa", mke atasikia la mwisho tu. Sababu ataieleza akiulizwa. Tena asiseme "mbona na wewe uliuza maharage?" Hilo la maharage, kama lipo, lina siku yake.

Mwaka 2016 watafiti Roy Lewicki, Beth Polin na Robert Lount wa Marekani walitoa matokeo ya kupima maneno ya kuomba radhi kwa watu 755. Kilichokuwa na uzito kuliko vyote ni kukubali kwamba kosa ni langu. Cha pili ni kuahidi kurekebisha kilichoharibika. Cha mwisho kabisa ni kule kuomba usamehewe. Na sisi kwetu watu wengi wanaanza na hicho cha mwisho, "nisamehe bwana, yaishe", kabla hata ya kutaja walichofanya.

Kuna mipaka pia. Kama hukufanya, usikiri uongo ili kelele ziishe, maana kosa hilo litakufuata. Sema "sikuuza mimi, tutafute pamoja unga umekwenda wapi", na hapo pole ni neno zuri kabisa. Kama ulifanya sehemu tu, kubali sehemu hiyo. Na ukishakiri, usitume wazee wamsukume mwenzako asamehe kabla unga haujarudi. Anaweza kunyamaza siku kadhaa, ni haki yake. Na kama pesa ya matofali imepatikana nusu, mpe hiyo nusu na umwambie mapema, asije akagundua mwenyewe mara ya pili.

Ukitaka kupima maneno yako kabla ya kuyasema, jiulize: je, jirani ambaye hakufanya lolote anaweza kuyasema haya haya? Kama anaweza, bado unatoa pole, hujaomba msamaha.

Tukutane mwezi ujao.