Barua ya Mama Mkubwa

Likizo fupi ya Machi ilinikuta nyumbani Bukene. Jioni moja mama mkubwa, jirani yetu, akaingia na magongo yake. Baada ya salamu na habari za chuo akasema, "We si unasomea ualimu? Niandikie barua kwa mwalimu mkuu."

Binti yake wa Darasa la Sita hakuwa ameenda shule wiki sita. Mama alianguka na baiskeli, akavunjika mguu, akalazwa Nzega. Mume yuko machimboni Kahama, simu hapokei. Mtoto akabaki kulea wadogo zake wawili. Alinisimulia yote, mpaka mpunga ulioliwa na ng'ombe wa shemeji. Nikajaza karatasi moja na nusu.

Nikaanza kukata. Shemeji akatoka, mpunga ukatoka, na mume pia, maana barua ya shule huishia kwenye faili na mtaa wote unaweza kuijua. Nikabaki na sentensi moja: "hakuhudhuria kutokana na matatizo ya kifamilia." Niliiona ya heshima kabisa.

Nikajiweka kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Maneno hayo huandikwa na kila mzazi, hata aliyempeleka mtoto kuchunga. Na binti wa Darasa la Sita akipotea wiki sita, mwalimu huwaza ndoa au uyaya mjini. Nilikuwa nimekata aibu, lakini nimekata na sababu pia. Basi nikarudisha yale tu ambayo mwalimu angeuliza: tarehe, sababu, ushahidi, ombi.

"YAH: KUTOHUDHURIA MASOMO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwanangu hakuhudhuria masomo kuanzia tarehe 10 Februari hadi 21 Machi 2025. Nilivunjika mguu na kulazwa Nzega, naye alibaki akiwalea wadogo zake wawili. Nakala ya karatasi ya hospitali nimeambatanisha. Naomba radhi kwa kutotoa taarifa mapema. Naomba apokelewe kuanzia tarehe 24 Machi na asaidiwe masomo yaliyompita."

Jina, darasa na mkondo wa mtoto viliandikwa juu, ili mwalimu wa darasa alinganishe tarehe na daftari la mahudhurio: siku 30 za masomo.

Nikamsomea. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mbona hujaandika kwamba si mtoro?"

"Mama, tarehe na karatasi ya hospitali vinasema hivyo."

"Vinakwambia wewe. Yeye ndiye ataibeba hiyo barua, na ataisoma njiani."

Hapo sikuwa na jibu. Darasani tulifundishwa barua rasmi ina msomaji mmoja. Nikaongeza baada ya habari ya wadogo zake: "Hakutoroka, mimi ndiye niliyemwachia nyumba."

Akaweka sahihi taratibu, herufi moja moja. Jumatatu asubuhi binti alipita kwetu na sare yake imebana mabegani, bahasha mkononi. Haikuwa imegundishwa. Mama yake aliiacha wazi makusudi.