Bia Mbili Ni Ngapi?

Hapa Melbourne, kila chupa ya pombe inayouzwa dukani imeandikwa ina vipimo vingapi vya kilevi. Sheria ya Australia ndiyo inayodai hivyo, na kipimo kimoja ni gramu 10 za kilevi halisi. Kopo la bia la mililita 375 lenye asilimia 4.9 linasomeka vipimo 1.4. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 13.5 inasomeka 8. Mnywaji hapigi hesabu yoyote.

Nyumbani Tanzania tunahesabu chupa. Mtu akiulizwa amekunywa kiasi gani, atajibu "bia mbili tu", na wote mezani wataridhika. Lakini lebo ya bia hizo ina namba mbili zinazotosha kutoa jibu kamili: ujazo na asilimia ya kilevi.

Chukua Safari ya mililita 500, asilimia 5.5. Asilimia hiyo ni ya ujazo, kwa hiyo zidisha 500 kwa 5.5, ugawe kwa 100: unapata mililita 27.5 za kilevi. Kilevi ni chepesi kuliko maji. Mililita moja ina uzito wa takriban gramu 0.8. Zidisha, utapata gramu 22, yaani vipimo 2.2. Bia mbili, basi, ni vipimo 4.4. Wataalamu wa afya wa Australia wanashauri mtu mzima mwenye afya asizidishe 4 kwa siku moja, wala 10 kwa wiki.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni chupa ndogo ya Konyagi, ile bapa ya mililita 200 inayoingia mfukoni. Kwa macho ni ndogo kuliko nusu ya bia. Ina asilimia 35, kwa hiyo kilevi chake ni mililita 70, gramu 56, vipimo 5.6. Hizo ni zaidi ya Safari mbili na nusu. Ukiichanganya na soda au tonic, glasi inajaa na ukali unapungua mdomoni, lakini gramu 56 zinabaki zilezile. Na wanaume watatu wakishirikiana chupa kubwa ya mililita 750, wamegawana vipimo 21, saba kwa kila mmoja, hata kama kila mtu anaamini amekunywa "kidogo".

Anayemiminiwa kwa glasi anahitaji jambo moja zaidi: kujua glasi inabeba mililita ngapi. Mvinyo ule wa asilimia 13.5 ukimiminwa mililita 150 ni vipimo 1.6, ukijazwa hadi 250 ni 2.7, na bado mtu atauita glasi moja.

Kwa mbege na gongo hesabu hii haifanyi kazi. Mpishi mmoja hutoa kali leo na nyepesi kesho, na asilimia haijaandikwa popote. Hapo usikisie namba.