Kusoma kwa Zamu

Sisi wanafunzi wa falsafa tunamsoma Aristotle kwa zamu, kwa njia iliyoelezwa na Palincsar na Brown mwaka 1984: kutabiri, kuuliza, kufafanua, kufupisha. Mwalimu huanza kwa kusoma aya na kuwaza kwa sauti, kisha kila mmoja wetu hushika nafasi yake.

Tuchukue sababu nne katika kitabu cha pili cha Fizikia. Baada ya shaba ya sanamu tunatabiri kwamba atamtaja mchongaji. Kumbe anahamia kwenye umbo, na mfano wake ni oktavu ya muziki. Hapo tunalazimika kurudi nyuma na kusoma tena, na asiyeijua oktavu huelezwa kwanza.

Swali la "sababu ya kwanza ni ipi?" hujibiwa kwa kunakili tu. Swali zuri ni hili: afya huja baada ya kutembea, basi inakuwaje sababu yake?

Mwisho tunafunga kitabu na kufupisha. Anayeorodhesha shaba, oktavu, baba na afya amekumbuka mifano. Anayesema kwamba kila sababu hujibu "kwa nini" tofauti, huyo ameelewa.