Herufi Moja Kando ya Jina la Dawa

Shangazi yangu wa Ruhuwiko alitoka zahanati mikono mitupu. Aliambiwa dawa aliyoandikiwa mjini "si ya ngazi yetu". Mhudumu alisema kweli. Katika Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu kila dawa hubeba herufi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D ya mkoa, S ya ubingwa. Wataalamu wa Wizara hupima ushahidi, usalama na gharama, kisha hupanga ngazi. Zahanati nayo huagiza Bohari ya Dawa kwa kufuata herufi hiyo. Kwa hiyo rafu tupu husomwa namna mbili. Ikikosekana dawa ya A, ugavi umekwama, na halmashauri iulizwe. Ikikosekana ya C, huo ni uamuzi. Hoja ipelekwe orodha inapopitiwa upya.