Fondanti yako haiyeyuki, ni friji inakuchoma

Wasee, keki yangu ya kwanza ya kulipwa niliiharibu mwenyewe, na kwa miezi kadhaa nililaumu fondanti. Ilikuwa Aprili, mvua imeshika Ndabibi, ukungu wa ziwa Naivasha haujainuka hadi saa nne asubuhi. Nilifunika keki usiku, nikaisukuma kwa friji ilale salama. Asubuhi nikaitoa, nikaiweka mezani, mama naye hapo kando anachemsha githeri. Dakika kumi hivi, keki inang'aa kama imepakwa mafuta. Nikachukua kitambaa nikapangusa. Aki, rangi nyekundu ya maua ikatambaa kwa nyeupe yote. Mwenye sherehe alilipa nusu, na sikumlaumu.

Sasa sikiza. Ile haikuwa fondanti kuyeyuka. Toa soda kwa friji siku ya mvua, uone chupa inavyolowa nje. Soda haijavuja, ni mvuke wa hewani umegusa kitu baridi ukageuka maji. Keki ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba fondanti ni sukari, na sukari ikipata maji inaanza kuwa sharubati. Na githeri ya mama ilikuwa inaongeza mvuke jikoni bila mimi kujua.

Kwa hivyo dawa ya kwanza ni kutotumia friji kama huihitaji. Usiku wa huku ni baridi ya kutosha. Krimu ya siagi na sukari inakaa mezani hadi kesho yake bila shida, ikiwa imefunikwa. Ukiweka krimu ya maziwa au matunda mabichi ndani, hapo friji ni lazima, kwa hivyo kama keki ni ya fondanti na msimu ni wa mvua, mimi humwambia mteja mapema achague kitu kingine cha ndani.

Ikibidi friji, tia keki ndani ya katoni, ufunge, uzungushie plastiki. Ukiitoa, usifungue! Iache ndani ya katoni masaa mawili au matatu, hadi ipoteze ile baridi. Maji yatashika plastiki badala ya keki. Na ikishalowa tayari, weka mikono mfukoni. Washa feni mbali kidogo ama fungua dirisha kama nje hakunyeshi, itakauka yenyewe. Ukiigusa, alama ya kidole itabaki hapo milele.

Kuchanika nako ni hadithi ingine. Wengi huwa wanalaumu fondanti kavu, lakini mara nyingi shida ni mikono. Chukua keki ya duara, upana sentimita 20, kimo 10. Inahitaji duara la 20 na 10 na 10, yaani 40, uongeze 5 ya kukata, 45. Kilo moja inatosha hapo, ukisukuma hadi unene wa milimita 4 au 5. Chini ya hapo unaona makombo yakichungulia, na ukingo wa juu unakatika.

Kabla ya kusukuma, kanda hadi iwe laini, kisha kunja kipande. Kikionyesha mipasuko kama kisigino cha mtu wa shamba, paka mkono mafuta meupe ya kupikia, nusu kijiko cha chai tu, ukande tena. Ikinata kwa meza, nyunyiza wanga wa mahindi, ule mweupe laini, si unga wa ugali. Sukari ya unga naiacha siku za mvua kwa sababu nayo inavuta unyevu.

Ukishaitandika, ile sehemu inayoning'inia ni nzito, na uzito wote unavuta pale kwa ukingo wa juu. Ndio maana machozi huanzia hapo. Shika juu kwanza, laini kwa kiganja, kisha zunguka ukingo mzima haraka ili ushikane na keki. Halafu shuka pole pole. Mkunjo ukitokea, uinue ufungue kwa nje kama sketi, kisha ubonyeze. Usivute chini hata kidogo. Ikichanika kadogo, paka kidole mafuta, sugua kwa mizunguko ingali laini. Ikishakauka juu, ficha na ua, hakuna njia ingine.

Wiki jana nilipeleka keki ya ruracio hadi mjini Naivasha, kupitia Kongoni, na mvua ikinyesha. Ililala mezani ndani ya katoni, githeri ikapikwa nje kwa jiko. Ilifika kavu. Nilishikilia hiyo katoni mapajani njia yote, na kila tuta nilikuwa nalihesabu.