Zimwi Likujualo: Jinsi Nilivyorudi kwenye Michezo ya Kutisha

Mara ya kwanza nilipocheza mchezo wa kutisha kwenye kompyuta, aliyeniponza hakuwa zimwi la mchezo. Ulikuwa umeme.

Binamu yangu, ambaye ni mkubwa kwangu na ninamwita yaya, alikuwa ameniwekea mchezo unaoitwa Amnesia: The Dark Descent. Ulitolewa mwaka 2010 na Frictional Games, kampuni ndogo ya Uswidi. Mtu aitwaye Daniel anaamka mwaka 1839 ndani ya ngome ya Brennenburg, na hakumbuki kitu. Hana bunduki wala kisu. Ana taa ya mafuta tu, na mafuta yenyewe huisha. Akikaa gizani akili yake inadhoofika, akilitazama zimwi inadhoofika zaidi. Kwa hiyo kazi yake ni kukimbia na kujificha.

"Vaa hedifoni, zima taa, ucheze usiku," yaya aliniambia. "Bila hivyo hutaona utamu wake."

Nilimtii. Baada ya muda nikafika kwenye chumba cha chini kilichofurika maji. Ndani ya maji hayo kuna kitu kisichoonekana. Unajua kipo kwa sababu ya mirusho ya maji inayokukaribia: chwa, chwa, chwa. Ukisimama juu ya sanduku hakikupati. Ukigusa maji kinakuja mbio. Nilikuwa juu ya sanduku la pili, ninapima kuruka kwenda la tatu, na mirusho inanizunguka. Hapo umeme ukakatika. Betri ya mashine ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo kioo kikazimika papo hapo, nami nikabaki katika giza la kweli na hedifoni masikioni.

Nyumbani kwetu maji hukaa kwenye pipa ukumbini. Kwa siku tatu, kila mtu alipochota maji usiku, nilikaa wima kitandani. Nikamwambia yaya kwamba michezo hiyo ni ya watu wenye moyo mgumu na kwamba najuta kuijaribu. Akacheka. Mimi sikucheka, lakini swali likanibaki: kwa nini kitu kilekile kilimfurahisha yeye na kuniumiza mimi?

Nilianza kuelewa niliposoma kuhusu mwanasaikolojia Dolf Zillmann, ambaye tangu miaka ya 1970 alieleza jambo moja rahisi. Mwili ukishtuka, moyo hupiga haraka, pumzi hufupika, na hali hiyo haiishi mara moja hatari inapopita. Mabaki yake huendelea kwa muda, na hisia inayofuata huyapanda kama mtu anavyopanda gari ambalo tayari linakwenda. Ikiwa inayofuata ni nafuu, nafuu hiyo inakuwa kubwa kuliko kawaida. Ndiyo sababu mtu aliyefunga mlango zimwi likabaki nje hucheka, hupiga makofi, na husema mchezo ni mtamu. Utamu anaousema unatoka katika kutoka ndani ya woga, na woga ndio umeukuza.

Tazama sasa kilichonipata. Nilipata mbio za moyo, lakini mlango sikuufunga. Umeme uliondoka na mwisho wa kisa. Mabaki ya woga yakatafuta kitu cha kupanda, yakakuta giza la ukumbini na pipa la maji. Yaya alikuwa amevuka chumba kile mara nyingi. Yeye aliijua nafuu iliyo upande wa pili. Mimi nilikuwa na nusu ya kwanza ya hadithi tu.

Kuna jambo la pili, nalo ni kipimo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, wakiongozwa na Marc Andersen, walichapisha utafiti walioufanya katika nyumba ya vitisho ya burudani, mahali ambapo watu hulipa ili waogopeshwe na waigizaji. Waliwafungia wageni 110 vifaa vya kupima mapigo ya moyo, kisha wakawauliza waliogopa kiasi gani na walifurahi kiasi gani. Walioogopa kidogo mno hawakufurahi sana. Walioogopa kupita kiasi nao hawakufurahi sana. Furaha ilikuwa katikati. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa chuo hicho walionyesha pia kwamba wageni waliojitahidi kupunguza woga wao walitoka wameridhika sawa na wale waliojitahidi kuuongeza. Habari hiyo ilinigusa. Ina maana kwamba anayefumba jicho moja haibi chochote katika raha yake. Anatafuta katikati yake mwenyewe, na katikati ya yaya si katikati yangu.

Basi nilianza upya, safari hii na mchezo mwingine wa kampuni ileile: SOMA, wa mwaka 2015. Nilichagua huo kwa sababu moja. Mwishoni mwa mwaka 2017 watengenezaji waliuongezea namna ya kucheza inayoitwa Safe Mode, ambayo unaichagua unapoanza mchezo mpya. Kabla yao, mashabiki walikuwa wameshatengeneza kiraka chao wenyewe kilichozuia mazimwi kushambulia. Watu walipenda kisa cha mchezo lakini hawakuweza kuvumilia kufukuzwa. Katika Safe Mode mazimwi hayakuondolewa. Yanatembea, yanaguna, yanakusogelea kukuchungulia, lakini hayakuui. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilikuwa zimwi linalonijua.

Nilibadilisha na mambo mengine. Nilicheza saa nane mchana, dirisha wazi. Niliacha hedifoni, nikatumia spika za mashine kwa sauti ndogo, kwa maana katika michezo hii sikio huogopa kabla ya jicho: hatua unazisikia nyuma yako muda mrefu kabla ya kuona kitu. Nilifanya mchezo uonekane kwenye dirisha dogo badala ya kujaza kioo, ili pembeni nione saa na faili langu la masomo. Nilijiwekea nusu saa. Lakini kanuni iliyonisaidia kuliko zote ilikuwa hii: kutoacha katikati ya hatari. Nusu saa ikiisha nikiwa nafukuzwa, naendelea hadi mlango ufungwe, natembea kidogo mahali patulivu, ndipo nazima. Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, niliazima mashine yenye betri nzima.

Siku ya tatu niliongeza sauti. Siku ya tano nilirudisha hedifoni, mchana bado. Nilikuwa nabadilisha kitu kimoja tu kila mara, ili nikiogopa kupita kiasi nijue ni kipi cha kurudisha nyuma. Alama niliyoitumia si moyo kwenda mbio, maana huo ndio mchezo wenyewe. Nilijiuliza asubuhi: je, nilipoamka niliwaza kisa, au niliikwepa picha fulani? Kuwaza kisa ni dalili nzuri. Kukwepa picha ni dalili kwamba jana nilipita kipimo.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kilinifaa, na ninaomba wenzangu wa kitivo wanisahihishe nikikosea. Tunasema kwa urahisi kwamba mchezo "unatisha", lakini ndani ya neno hilo kuna mambo matatu. Kuna mshtuko: kitu kinajitokeza ghafla, mwili unaruka, na baada ya dakika moja umesahau. Kuna hofu: unajua kitu kipo, unangoja, unahesabu hatua. Na kuna fadhaa: hakuna kinachokufukuza, lakini wazo limeingia kichwani na halitulii. Kupunguza sauti hupunguza mshtuko. Safe Mode hupunguza hofu. Fadhaa haina kitufe.

Nililijua hilo ndani ya SOMA yenyewe. Mhusika wake, Simon Jarrett, anapigwa picha ya ubongo mjini Toronto mwaka 2015, halafu anajikuta katika kituo kilicho chini ya Bahari ya Atlantiki, mwaka 2104. Sitawaharibia kisa. Niseme tu kwamba mchezo unauliza: kama nafsi yako ikinakiliwa, wewe ni yupi, yule aliyenakiliwa au ile nakala? Na hauliulizi swali hilo kwa maneno tu. Unakufanya ulitende kwa mkono wako. Mazimwi hayakunigusa hata mara moja, lakini jioni moja nilikaa nje ya nyumba kwa saa nzima bila kutaka kuongea na mtu. Mtu aliyeniambia kwamba Safe Mode imeufanya mchezo huo kuwa mwepesi alikosea. Imeondoa meno ya zimwi na kuacha swali lake.

Kwa hiyo, anayejijua kuwa mwepesi wa kuumia aulize kwanza ni lipi kati ya hayo matatu linamuumiza, kisha amuulize aliyekwisha kucheza: mchezo huu una lipi? Mimi mshtuko unanichosha, hofu naiweza kidogokidogo, na fadhaa, kumbe, ndiyo niliyokuwa naitafuta. Rafiki yangu mmoja aliyefiwa mwaka ule nilimshauri aiache SOMA kabisa. Anaruka akishtuliwa, anacheka, anaendelea. Lakini swali lile la nani anabaki na nani anakwenda halikuwa la mwaka wake.

Miezi minne baadaye nilimwomba yaya tuirudie Amnesia. Tuliketi pamoja, saa tisa mchana, mimi nikishika kipanya. Niliteleza nikaangukia majini mara moja, nikafa, na mchezo ukanirudisha nyuma kidogo tu. Kifo chenyewe, nilichokuwa nakikimbia kwa siku tatu kitandani, kilichukua sekunde chache. Nikarudi juu ya sanduku, nikaruka la tatu, la nne, nikafika mlangoni, nikaufunga. Chwa, chwa, upande wa pili wa mbao.

Nilicheka hadi machozi yakanitoka.

"Umeona?" yaya akasema. "Nilikuambia ni tamu."

"Yaya, uliniambia nizime taa," nikamjibu. "Hukuniambia kuna mlango."

Usiku ule mtu alichota maji ukumbini. Nilisikia, nikageuka upande wa pili, nikalala.